Faili Tupu la Papa Godefroid

Mimi naitwa Geneviève, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa katibu wa shule moja ya sekondari huku Katuba, Lubumbashi. Watu husema kabati langu la faili limepangwa vizuri kuliko sanduku la bibi harusi. Ni kweli, na nilikuwa nikijisifu. Nilijisifu pia kwa jambo jingine: hakuna barua pepe iliyowahi kulala kwangu bila jibu.

Amri hiyo ilitoka kwa mkuu wetu wa shule, Préfet Liévin. Alituambia siku moja kwenye mkutano: "Muntu akituma mail asubuyi, midi akuwe na jibu. Ile njo respect." Wengine walicheka. Mimi niliichukua kama sala. Nikajipatia maneno mawili yanayomaliza kazi yote, "Bien reçu", yaani tumepokea vizuri, nikawa nayaandika kwenye simu nikimenya vitunguu, nikisubiri mkate, na mara moja hata kanisani wakati wa matangazo, Mungu anisamehe.

Viambatisho vyenyewe sikuvifungua kwenye simu. Vinakula mega za intaneti, na mega zinatoka mfukoni mwangu. Vilisubiri kompyuta ya ofisi, kompyuta ikasubiri umeme, na umeme wa mtaa wetu unajua ratiba yake wenyewe. Kujibu kwanza, kufungua baadaye. Katika ofisi zetu karibu wote tunafanya hivyo. Tena nilikuwa nimewafundisha makatibu watatu vijana mtindo huo, nikiuita utaratibu.

Mwaka ule Goma ilianguka mikononi mwa waasi mwishoni mwa Januari. Sisi tuko mbali nayo, lakini kila simu ilikuwa imejaa video za watu wamebeba magodoro vichwani, na kwenye basi hakuna aliyetaka kuzungumzia kitu kingine. Katikati ya Februari akaingia ofisini kwangu Bwana Paluku, mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu Kaskazini, anayeuza sabuni na maharagwe kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, na ana malori mawili ya kwenda Zambia. Nyuma yake alisimama binti wa dada yake, Jemima, mwenye miaka kumi na minane. Alikuwa ametoka Goma akazunguka Rwanda na Tanzania kwa basi, kisha Zambia, hadi mpakani Kasumbalesa ndani ya lori la mjomba wake. Mfuko wake ulikuwa na sketi ya shule na daftari la hesabu. Mama yake alikuwa amebaki kule na bibi mgonjwa.

Jemima alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, anayetakiwa kufanya Mtihani wa Taifa. Préfet Liévin alimpokea darasani siku ileile, ila akamweleza shida ilipo. Ili jina lake liingie kwenye orodha ya watahiniwa, ofisi ya ukaguzi ilitaka bulletin za miaka miwili iliyotangulia, zile karatasi za alama zenye muhuri wa shule. Orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa ya mwisho wa Februari. Bila bulletin hakuna jina, na bila jina angengoja mwaka mzima.

Bulletin za Jemima zilipotea nyumbani kwao. Lakini shule huweka nakala.

"Mama, mwaka moya tena siwezi," aliniambia Jemima, mjomba wake alipotoka kuegesha gari vizuri. "Masomo njo kintu moya tu nilibaki nayo."

Nilimwambia atulie, akiwa na mimi amefika. Nilisema hivyo kwa mdomo huu.

Shule yake ya Goma na yetu ni za kanisa moja, na katibu wa kule, Papa Godefroid, tuliandikiana kwa miaka sita bila kuonana uso kwa uso. Nilimjua kwa salamu zake. Hakuanza barua bila kuuliza habari za watoto, na Krismasi iliyopita aliuliza kama goti langu limepona. Nilimwandikia kuhusu Jemima, na Jumatatu iliyofuata akajibu. Wakati huo nilikuwa barabarani nikibishana na muuza makala, yaani mkaa, juu ya gunia lililojazwa majani chini. Simu ikalia. Kwenye kioo nikaona mistari miwili ya kwanza: "Bonjour Mama Geneviève, natumaini muko bazima. Bulletin zote mbili za Jemima ni izi nilituma." Chini yake kulikuwa na alama ya kiambatisho.

Nikaandika: "Bien reçu, Papa Godefroid. Merci na courage." Asante na ujipe moyo, ndiyo maana yake. Nikarudi kwenye ugomvi wangu wa makala, na ule nilishinda.

Wiki ile umeme ulikuja usiku tu, shule ikiwa imefungwa. Ulipoanza kuja mchana, wino wa printa ulikuwa umekauka. Kisha kulikuwa na mitihani ya robo na karatasi zake. Si kwamba nilisahau. Kichwani mwangu kazi ya Jemima ilikuwa imekwisha, nilikuwa nimeijibu.

Nililifungua faili Jumanne, siku ya nane, zikiwa zimebaki siku tatu orodha ifungwe. Kompyuta ikaniambia haiwezi kulifungua. Nikapakua tena, ikakataa tena. Nikajaribu kwenye simu, potelea mbali mega, nako likakataa. Ndipo nikatazama pembeni ya jina lake, mahali panapoonyesha uzito, nikaona sifuri. Jina lilikuwepo, zuri na kamili, "Bulletins Jemima", lakini ndani hapakuwa na kitu, kama karanga unayoimenya ukakuta ganda tu. Na sifuri ile ilikuwa imeandikwa palepale tangu siku ya kwanza. Mtu angeiona kwa kugusa mara moja tu.

Masikio yaliniwaka. Nilikuwa na mambo mawili ya kumwambia Papa Godefroid: kwamba faili limefika tupu, na kwamba nilimwambia nimelipokea vizuri bila kulitazama. Nikaandika la kwanza. Niliandika kwa Kifaransa cha ofisi, ambacho ni hodari wa kufunika mambo. Kwa lugha yetu lilikuwa hivi:

"Mpendwa mwenzangu, nakushukuru tena kwa moyo wako katika nyakati hizi ngumu. Kwa masikitiko nakujulisha kwamba faili uliloambatisha limetufikia likiwa tupu na haliwezi kufunguka. Huenda palitokea hitilafu wakati wa kutuma. Tafadhali, ukiweza, litume tena kabla ya Ijumaa. Salamu kwa familia."

Hakuna hata neno la uongo hapo. Kila mtu angeusoma ujumbe ule akasema, tazama mama mwenye adabu. Nami nilipoubonyeza uende, niliona haya kana kwamba nimechomoa kitu mfukoni mwa mtu aliyelala.

Hakuchelewa. Baada ya saa moja alinitumia sauti kwenye WhatsApp, na nyuma ya sauti yake nilisikia watoto wengi wakilia na sufuria zikigongana.

"Mama Geneviève, minaomba pardon sana. Ile kosa ni yangu. Ile siku nilikuwa na-scanner, batterie ya solaire ikaisha, ordinateur ikazimika. Kesho yake ku cyber niliona jina ya fichier iko ku clé ya USB, nikasema iko muzima, nikatuma. Sasa, mama, shida ni hii. Makaratasi hayako tena."

Akaeleza. Shule yake ilikuwa imejaa wakimbizi, familia kila darasa, na ofisi yake ilikuwa chumba cha mwisho kilichofungwa kwa ufunguo. Kwa wiki mbili alikaa mlangoni juu ya kigoda, akiwazuia watu wasiingie kwenye kabati za nakala. Walimtukana, wakamwita mtu asiye na roho. Kulikuwa na mama aliyejifungua siku nne nyuma, amelala barazani, na mvua ilikuwa ikiingia.

"Kisha weye kuandika bien reçu," alisema, "nikasema, Mungu asifiwe, ya mutoto imefika. Nikapatia ule mama ufunguo. Kabati bakaitosha inje bapate nafasi. Kuni hakuna huku, mama. Unajua mwenyewe bantu banapikia nini. Lakini naenda kutafuta. Unihurumie, nilikufanyisha haya mbele ya Préfet yako."

Eti yeye amenitia haya! Yeye ndiye aliniomba msamaha. Nikarudi kwenye barua yake ya kwanza, ile ya siku ya makala, nikaisoma kwa mara ya kwanza hadi chini. Baada ya ile mistari miwili kulikuwa na mingine sita. Wa mwisho ulisema: "Tafadhali mama, mufungue muangalie kama inasomeka, sababu niko nangojea neno yenu mbele ya kutosha makaratasi mu bureau." Yaani alikuwa akingoja neno langu kabla ya kuyatoa makaratasi ofisini.

Nilifunga mlango wa ofisi, nikakaa. Bora kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wazee walisema, na mimi nilijikwaa kidole na ulimi kwa pamoja, kwa maneno mawili. Nilipaswa kumpigia palepale. Nilichukua simu, nikaiweka, nikaichukua tena, nikaishia kumwandikia: "Usijali, Papa Godefroid. Tafuta tu." Ukarimu gani huo! Nilimsamehe kosa langu.

Jumatano Jemima alikuja wakati wa mapumziko.

"Mama, bulletin bilifika?"

"Bado kidogo. Kule Goma balikosa kutuma muzuri."

Alinitazama, hakuelewa. "Papa Godefroid? Ule papa hajakosa hata siku moya."

"Kila muntu anakosa," nilisema, nikajifanya natafuta kalamu ambayo nilikuwa nayo mkononi.

Jioni ya siku hiyo Bwana Paluku alishusha mbele ya mlango wangu mfuko wa maharagwe kilo kumi. Nikamwambia kazi haijaisha. Akasema huko kwao mtu hangoji mavuno ndipo amshukuru mwenye jembe, mama umehangaika na mtoto wetu. Nikaupokea. Ungefanyaje? Kukataa zawadi kunahitaji sababu, na sababu yangu sikutaka kuitoa mdomoni. Niliuweka nyuma ya mlango wa jikoni, na kila nilipofagia niliuzunguka.

Alhamisi alasiri faili jipya likaja. Safari hii sikujibu kwanza. Nilitazama uzito, nikalifungua, nikalifunga, nikalifungua tena. Papa Godefroid alikuwa amezunguka darasa hadi darasa, familia hadi familia, akiuliza karatasi. Bulletin ya kwanza aliikuta chini ya mkeka wa mtoto yule mchanga, nzima, ina doa la mafuta. Ya pili mama mmoja alikuwa amefungia chumvi, baada ya kuiokoa jikoni ikiwa imeanza kuungua. Kona ya chini ilikuwa imeliwa na moto, na nusu ya muhuri ilikwenda nayo. Alama zote zilisomeka. Alipiga picha zote mbili juu ya meza, na kwenye ukingo wa picha kidole chake kilionekana kikishikilia karatasi isijikunje. Ndicho kitu pekee cha mwili wake nilichowahi kukiona.

Ijumaa asubuhi Préfet Liévin na mimi tulizipeleka kwenye ofisi ya ukaguzi. Mkaguzi alizitazama kwa muda mrefu, akagonga ile kona iliyoungua kwa ukucha. Hakukataa. Alisema tu kwamba atahitaji barua ya shule yetu, yenye muhuri, ieleze kwa nini hati imefika hivyo na kosa ni la nani, apate kuibana kwenye jalada la mtoto kabla ya saa nane.

Tulirudi mbio. Préfet alisimama nyuma yangu akatamka, nami nikapiga chapa.

"Andika: kwa uzembe wa katibu wa shule ya Goma, ambaye alituma fichier tupu, kisha akaacha nakala za wanafunzi zikaharibika."

Vidole vilisimama.

"Mama Geneviève, saa inatembea."

Hapo ndipo mahali penyewe. Yaliyotangulia ningeweza kuyaita usahaulifu, uchovu, umeme. Hapo nilikuwa mzima, nimekaa, taa inawaka, na mtu mzima mwenzangu ananitamkia nani alikosa. Kama ningesema ni mimi, barua ingeandikwa vilevile na Jemima angeandikishwa vilevile. Hakuna ambaye angeumia ila jina la Mama Geneviève asiyelaza barua. Nikaandika "uzembe". Nikaandika na mstari wa mwisho, ule ambao Préfet huweka kwenye kila barua: nakala kwa mkuu wa shule ya Goma.

Saa saba na nusu jina la Jemima liliingia kwenye orodha. Alinikumbatia kwenye ua mbele ya darasa zima, akalia begani kwangu, na wenzake wakapiga makofi. Nilisimama mikono chini. Alidhani mimi ni mtu asiyependa makuu.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa siku nne. Jumanne Papa Godefroid akaandika. Hakuwa na hasira, ningependa sana angekuwa na hasira. Mkuu wake, aliyekuwa amekimbilia upande mwingine wa mji, alikuwa amepokea nakala ya barua yetu na kumtumia demande d'explication, ile karatasi inayomtaka mtumishi ajieleze kwa maandishi katika saa arobaini na nane, la sivyo afukuzwe. Kila mfanyakazi wa nchi hii anaijua na kuiogopa.

"Mama Geneviève," aliandika, "bakinifukuza sasa, sijui nitaenda wapi. Weye unajua français ya bureau kunipita. Minaomba unisaidie kupanga maneno ya kuomba pardon. Ueleze ni kosa yangu, lakini useme nilikuwa na nia muzuri."

Nilisoma mara tatu. Aliniomba mimi, kwa mikono ileile, nimwandikie ungamo la dhambi yangu, nalo lisainiwe na yeye. Nililia pale mezani, na silii ovyo. Mwalimu wa jiografia aliingia kuomba chaki, akaondoka bila chaki.

Kisha nikaandika. Sikumwandikia yeye, nilimwandikia mkuu wake, nakala kwa Préfet Liévin, nakala kwa Papa Godefroid. Nilisema kwamba Jumatatu ile, nikiwa barabarani, nilijibu kwamba faili limefika vizuri bila kulifungua. Kwamba katibu wake aliniomba kwa maandishi nilitazame kabla hajatoa karatasi, na sikusoma mpaka mwisho. Kwamba nilikaa siku nane. Kwamba nilipogundua, niliandika ujumbe wa adabu uliomwacha yeye peke yake na kosa, na siku tatu baadaye niliandika neno "uzembe" nikijua ni la nani. Kifaransa changu cha ofisi kilikataa kunisaidia, sentensi zilitoka fupi kama za mtoto. Nikaipiga muhuri, nikai-scanner. Nilijitumia mwenyewe kwanza, nikaifungua kwenye simu, nikaona inasomeka. Ndipo nikaituma.

Préfet Liévin aliniita baada ya saa moja. Barua yangu ilikuwa wazi kwenye kompyuta yake.

"Mama, juu ya nini hukusema ile siku? Nilikuwa nyuma yako."

Alitikisa kichwa. Mchana akaniletea demande d'explication yangu mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa hizo karatasi nilizipiga chapa mimi. Hii aliipiga yeye, kwa vidole viwili, imejaa makosa, na nilijizuia nisiichukue kuisahihisha.

Mkuu wa Goma alijibu kesho yake kwamba jambo la Papa Godefroid limefungwa. Nilikaa nikisubiri neno la mwenyewe. Nilitaka anitukane. Nilitaka aniulize kama ninajua maana ya kukaa wiki mbili juu ya kigoda unazuia mama mjamzito na mama mzazi wasiingie ndani mvua ikinyesha, kwa ajili ya karatasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote kati ya hayo.

Saa tano simu ikalia. Jina lake lilikuwa kwenye kioo, na chini yake mistari miwili. Nikaigusa, nikashuka hadi chini kabisa, nikitafuta mingine. Haikuwepo.

"Bien reçu, Mama Geneviève.

Merci na courage."

Maharagwe bado yako nyuma ya mlango. Jemima anasoma vizuri, ananisalimia kila asubuhi. Na barua yangu, sijui kama Papa Godefroid aliwahi kuifungua. Katika watu wote wa dunia hii, mimi ndiye nisiyeweza kumwuliza.